Usihesabu saini zilizopo, tafuta isiyokuwepo: kabla hujalipia kiwanja cha familia Kibaha au Kisarawe



Leo siongelei mzigo wala matangazo. Naongelea ile hela tunayoikusanya kidogokidogo kwenye mauzo, halafu siku moja mtu anakwambia kuna kiwanja Kibaha, familia inauza, bei nzuri, wahi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024 na kusimama Soga na Ruvu, na bandari kavu ya Kwala kuanza kutajwa kila mahali, madalali wa upande ule hawalali. Wengi wetu tunaouza mtandaoni tunataka sehemu ya kujenga stoo na chumba cha kukaa, maana kodi za mjini zinatumaliza.

Mimi nina msimamo mmoja na nitautetea hapa. Ukinunua ardhi ya familia ambayo mwenyewe alishafariki, wingi wa watu waliosaini haukulindi. Kinachokulinda ni kumjua yule ambaye hajasaini, na kwa nini hajasaini. Na hiyo kazi unaifanya kabla hata shilingi moja haijatoka, hata ile wanayoiita advansi ya kushikilia kiwanja.

Nawasimulia kilichonikuta ili mwone nasema nini.

Kiwanja kilikuwa Visiga, mita 30 kwa 20, shilingi milioni 8. Ni sehemu ya shamba la mzee mmoja aliyefariki mwaka 2011. Muuzaji ni mtoto wake mkubwa wa kiume, mtu mpole, anaongea vizuri. Akanitumia kwa WhatsApp picha ya barua ya usimamizi wa mirathi, ina muhuri wa Mahakama ya Mwanzo. Akanitumia na karatasi ya makubaliano ya familia, saini nne: yeye, dada zake wawili, na mama yao mjane. Nikaona safi kabisa, familia nzima imekubali. Hela ilikuwa tayari, nilibakiza kwenda benki tu.

Kilichonizuia ni mazoea ya dukani. Mteja akinitumia skrinshoti ya muamala, mimi sitoi mzigo mpaka nione hela imeingia kwenye simu yangu. Nikajiuliza, kwa viatu vya elfu 35 nakuwa mkali hivyo, kwa milioni 8 naamini picha?

HATUA YA KWANZA: JALADA LA MIRATHI

Barua ya usimamizi ya Mahakama ya Mwanzo inatolewa kwenye Fomu Namba 4, ambayo mara nyingi utaona imeandikwa kwa Kirumi, IV. Juu yake kuna jina la mahakama na namba ya shauri la mirathi na mwaka. Hizo mbili ndizo unazozihitaji. Hiyo barua inakwambia tu kwamba siku fulani mtu fulani aliteuliwa. Haikwambii kama uteuzi wake bado upo au ulishatenguliwa, haikwambii warithi ni nani, wala haikwambii kama hilo shamba lilitajwa mahakamani. Hayo yote yako ndani ya jalada.

Watu wengi wanakosea hapa kwenye kutafuta mahakama. Shamba liko Kibaha, basi wanakwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kibaha, wanaambiwa hakuna shauri kama hilo, wanachanganyikiwa. Mirathi ya Mahakama ya Mwanzo inafunguliwa kule marehemu alikokuwa anaishi wakati anafariki. Mashamba ya Kibaha na Kisarawe mengi ni ya wazee waliokuwa wanaishi Dar. Kwa hiyo jalada linaweza kuwa kwenye mahakama ya mwanzo ya huko, au kama ni la miaka hii ya karibuni, kwenye kile Kituo Jumuishi cha masuala ya familia cha Temeke. Na mirathi nyingine, hasa za Wakristo, unaweza kuzikuta Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, ambako fomu ni tofauti. Fuata jina la mahakama lililoandikwa kwenye barua, usifuate shamba liliko.

Mzee wangu huyu alikuwa anaishi Dar, na jalada lilikuwa Dar. Nikamwambia yule kaka, "Kaka, mimi niko tayari, ila naomba twende wote mahakamani tukaone jalada." Akasema barua si ninayo. Nikasema ninayo, ila nataka kuona jalada. Hapo muuzaji mwenye nia njema anaweza kukasirika kidogo, hiyo kawaida, lakini anakwenda. Anayekataa kabisa, mimi ningeishia hapo.

Tukaandika barua fupi ya kuomba kuliona jalada, tukaeleza kwamba mimi ni mnunuzi mtarajiwa. Ukipewa nafasi hiyo, angalia vitu vitano tu, uviandike kwenye daftari.

Cha kwanza, jina la msimamizi ni lilelile na hakuna amri ya kumtengua wala pingamizi ambalo halijaisha. Cha pili, orodha ya warithi waliotajwa wakati wa kufungua mirathi, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo uliompendekeza msimamizi. Cha tatu, Fomu Namba 5, ambayo ni orodha ya mali na madeni ya marehemu. Msimamizi anatakiwa kuipeleka ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, labda mahakama imuongezee muda. Tafuta humo shamba unalouziwa. Kama halimo, unauziwa kitu ambacho mahakama haikijui, na ujiulize kwa nini msimamizi alikificha. Cha nne, Fomu Namba 6, hesabu ya jinsi mali ilivyogawanywa. Cha tano, kama mirathi ilishafungwa.

Hicho cha tano kina mtego. Mirathi ikishafungwa na shamba likawa limegawiwa kwa mrithi fulani, msimamizi hana tena cha kuuza pale. Muuzaji sahihi ni yule aliyegawiwa. Kuna watu wanatembea na barua ya usimamizi ya miaka 15 iliyopita kana kwamba ni hati ya kumiliki. Siyo.

Kwenye jalada letu, msimamizi alikuwa sahihi, shamba limo kwenye Fomu Namba 5, na mirathi haijafungwa. Lakini orodha ya warithi ilikuwa na majina matano: mjane na watoto wanne. Mimi nina saini nne. Nikamuuliza yule kaka, huyu wa tano ni nani? Akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo mdogo wangu alifariki 2018. Hayupo tena, ndiyo maana hakusaini."

MRITHI ALIYEKUFA BADO YUMO

Hapa ndipo wengi wanapigwa, na wala si lazima kwa utapeli. Familia yenyewe inaweza kuamini kabisa kwamba aliyekufa ametoka kwenye hesabu. Hajatoka. Yule kijana alifariki baada ya baba yake. Siku baba alipofariki mwaka 2011, yeye alikuwa hai, kwa hiyo fungu lake lilishakuwa lake. Alipofariki naye, fungu hilo halirudi kwa kaka zake kimyakimya. Linakwenda kwa warithi wake yeye, na alikuwa ameacha mke na watoto wawili wadogo.

Kwa hiyo ukiona jina kwenye jalada na ukaambiwa ameshafariki, uliza tarehe. Alifariki kabla ya mwenye mali au baada? Kama ni baada, uliza ameacha nani. Watoto wake, hata kama wana miaka sita, wana haki pale. Mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kukusainia mkataba, na fungu lake lazima lishughulikiwe na mtu mwenye mamlaka ya kisheria. Baba mkubwa kusema "nitawapa tu" haitoshi. Hao ndio watakaokuja wakiwa wakubwa kuuliza shamba la babu lilikwenda wapi.

HATUA YA PILI: NENDA SHAMBANI BILA DALALI

Baada ya mahakamani nilidhani nimemaliza. Dada mmoja ninayemuuzia vitenge, mwenyeji wa Mlandizi, akanishauri, "Rudi kule peke yako, siku ambayo hawakutegemei. Ongea na wazee wa jirani." Nikapanda boda siku ya katikati ya wiki, nikiwa sina dalali wala muuzaji.

Kitu cha kwanza nilichokiona siku hiyo, ambacho tulipokuja na dalali sikuoneshwa, ni makaburi mawili nyuma ya miembe. Makaburi ni habari. Yanakwambia kuna ukoo hapa, na ukoo huo unaweza kuwa mkubwa kuliko watu wanne.

Nikamkuta bibi wa shamba linalopakana. Nikamsalimia shikamoo, akanikaribisha, tukaongea habari za mihogo na mvua kwanza. Halafu nikamuuliza maswali ambayo nawashauri na nyie muulize hivyohivyo, bila kutaja kwamba unanunua mpaka mwisho. Shamba hili lilikuwa la nani? Miembe ile na mikorosho ile alipanda nani? Waliozikwa pale ni akina nani? Mzee alikuwa na wake wangapi? Watoto wake wote wako wapi siku hizi?

Bibi akajibu yote. Alipofika kwenye wake, akasema, "Mke wa kwanza aliachika zamani, akarudi kwao Maneromango, huko Kisarawe. Alizaa naye binti mmoja. Huyo binti ndiye alikuwa akija kumlimia baba yake hapa kabla hajaolewa."

Binti huyo hayumo kwenye jalada. Hayumo kwenye makubaliano. Hakuna mtu aliyemtaja hata siku moja. Na ni mtoto wa kumzaa wa mwenye shamba.

Ndiyo maana nasema hatua hizi mbili hazibadilishani. Jalada lilinionesha yule aliyekufa, lakini lisingenionesha binti huyu, kwa sababu jalada linajua tu kile ambacho familia iliiambia mahakama. Jirani alinionesha binti, lakini asingejua kama msimamizi bado ni msimamizi. Ukifanya moja ukaacha nyingine, umeangalia nusu.

TUKAPIGA HESABU

Familia ilikuwa ya Kiislamu na inafuata mirathi ya Kiislamu. Nikamtafuta ustadhi mmoja anayejua elimu hiyo, nikamchorea familia kwenye karatasi. Nawapa hesabu yake maana ni rahisi na inafundisha.

Mjane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, anapata fungu moja kati ya nane. Yale saba yanayobaki ni ya watoto, na mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Wa kiume ni wawili, yule muuzaji na yule aliyefariki 2018. Wa kike ni watatu, wawili wa mjane na mmoja wa Maneromango. Kwa hiyo wa kiume mawili mawili, wa kike moja moja, jumla saba. Yule mke aliyeachika zamani yeye harithi, lakini talaka ya mama haimtoi mtoto.

Sasa weka ile milioni 8. Kila fungu ni milioni moja. Saini nne nilizoletewa zilikuwa na mafungu matano: mjane moja, muuzaji mawili, dada zake wawili moja moja. Mafungu matatu hayakuwa na mtu. Mawili ya marehemu kijana, ambayo yanakwenda kwa warithi wake, na humo mama yake mjane naye ana sehemu, na moja la binti wa Maneromango. Yaani nilikuwa nalipa milioni 8 kwa makubaliano ambayo milioni 3 kati yake ni za watu ambao hawajui kama mimi nipo duniani.

Familia nyingine zinafuata mila na nyingine sheria ya serikali, na mafungu yatakuwa tofauti. Si kazi yako mnunuzi kugawa mirathi. Kazi yako ni kuchora ule mti wa familia: wake wote, watoto wote wa kila mke, waliokufa na tarehe zao, na watoto wa waliokufa. Karatasi moja tu. Ukishauchora, linganisha na saini. Jina lisilo na saini liwe na maelezo yanayoeleweka.

"LAKINI MSIMAMIZI ANA MAMLAKA"

Yule kaka alipoona nimejua habari za Maneromango alikasirika. Akaniambia, "Wewe dada unanunua kiwanja au unaoa kwenye ukoo wetu? Mimi ndiye msimamizi, mahakama imenipa mimi. Na huyo alishaolewa, ana kwake."

Kuhusu kuolewa alikuwa anakosea moja kwa moja, ndoa haimfuti mtu kwenye urithi wa baba yake. Lakini kuhusu mamlaka alikuwa na hoja, na lazima nimtendee haki. Ni kweli msimamizi ndiye mtu ambaye sheria inamtambua kushughulika na mali ya marehemu, na anaweza kuuza. Mnunuzi aliyenunua kwa msimamizi halali yuko pazuri sana kuliko aliyenunua kwa "familia" isiyo na msimamizi. Huyo wa pili hana kitu hata kama amesainiwa na watu 20, kwa sababu mtu hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana. Watoto wa marehemu kabla msimamizi hajateuliwa ni warithi watarajiwa, si wauzaji.

Sasa kwa nini mimi nataka na saini za warithi wote? Kwa sababu msimamizi anauza kwa niaba ya wote, na aliyefichwa ana sababu nzuri ya kwenda mahakamani kuomba usimamizi utenguliwe. Hata kama mwisho wa kesi wewe utashinda, utakuwa umekaa miaka na msingi usioweza kuunyanyua, unalipa wakili na nauli. Sisi mtaji wetu ni mdogo, kesi ya miaka mitatu inatumaliza hata tukishinda. Na usidhani muda unasahaulisha. Muda wa kudai ardhi kisheria ni miaka 12. Binti wa Maneromango angeweza kukaa kimya miaka kadhaa halafu akaibuka.

Nikamwambia yule kaka, kwa heshima, kwamba sitatoa hela mpaka huyo binti na mke wa mdogo wake wafahamu na wakae kikao. Akaniambia kuna mteja mwingine. Nikasema sawa.

Kweli alikuwepo. Kipande cha pembeni, shamba lilelile, alinunua mtu mwingine wiki hiyohiyo kwa zile saini nne. Tena mkataba wake ulimwandika yule kaka kama "mmiliki", si kama msimamizi wa mirathi. Nakiri niliumia. Nilijiona mjinga mwenye maswali mengi.

Aliyetuokoa ni yule mama mjane. Habari zilimfikia, akasema hataki kufa na dhambi ya mtoto wa mwenzake. Akapiga simu Maneromango mwenyewe. Ilichukua kama miezi mitatu: kikao kikakaa tena, muhtasari ukaandikwa na binti akiwemo, wakarudi mahakamani kurekebisha orodha ya warithi na kuweka sawa suala la watoto wa marehemu kijana. Mimi nilisubiri, hela ikiwa benki. Yule jirani yangu aliyewahi, baada ya kuweka msingi, aliletewa malalamiko. Mwisho akakubali kuongeza milioni 2 ili yaishe. Kiwanja chake kikawa cha bei kubwa kuliko changu, na tulikuwa tumeanza bei moja.

WAKIKUOMBA HELA YA KUFUNGULIA MIRATHI

Kisa changu kilikuwa na nafuu kwa sababu mirathi ilishafunguliwa. Mara nyingi haijafunguliwa kabisa, na familia inakwambia, "Tupe nusu ya bei, tuitumie kufungulia mirathi, halafu utamalizia."

Mimi nasema hapana. Ukishatoa nusu, haraka yao imekwisha na ya kwako ndiyo inaanza. Wakikosana kwenye kikao, wakimkataa msimamizi, au akitokea mke wa pili na pingamizi, wewe unadai hela ambayo walishaigawana. Kama kiwanja unakipenda kweli, unaweza kukubaliana nao kwa maandishi ugharamie vitu vidogo moja kwa moja, kwa mfano nauli ya kikao au ada ya mahakama kwa namba ya malipo ya serikali, na uihesabu kama hela inayoweza kupotea. Bei ya kiwanja yenyewe isitoke mpaka uteuzi utoke na ukaliona jalada.

KISARAWE KUNA HATUA MOJA YA ZIADA

Visiga iko chini ya mji wa Kibaha, ni mitaa. Ukivuka kwenda Kisarawe, sehemu kubwa ni vijiji, na ardhi ya kijiji ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Kule, hata warithi wote wakisaini na msimamizi akiwepo, bado unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Mahakama ya Rufani imeshaamua kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili.

Idhini ya halmashauri ya kijiji si muhuri wa mwenyekiti uliogongwa nyumbani kwake jioni. Ni uamuzi wa kikao, na kikao kina muhtasari. Omba kuuona. Halafu hatua hiyo ina faida ya pili kwako: kikao kile kinakaa watu wa palepale, wanaoujua ukoo. Jambo la familia ya Maneromango lisingepita kimya kwenye kikao cha Maneromango.

Na uwe makini na Kiluvya. Jina hilo liko upande wa Ubungo na liko upande wa Kisarawe pia. Kabla hujafuata ofisi yoyote, hakikisha kiwanja kiko upande gani hasa, usije ukapigiwa muhuri na ofisi isiyohusika.

Kama ardhi ina hati, basi kuna upekuzi wa kufanya kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, na jina la msimamizi linatakiwa kusajiliwa kwanza kwenye hati badala ya marehemu ndipo aweze kukuhamishia. Lakini mashamba mengi ya familia kule hayajapimwa, kwa hiyo ofisi ya ardhi haitakuwa na habari za huyo mzee. Ndiyo maana jalada na majirani vinabeba mzigo wote.

SIKU YA KULIPA

Mkataba wangu uliandikwa mbele ya wakili. Muuzaji aliandikwa "msimamizi wa mirathi ya marehemu", na namba ya shauri ikawekwa. Warithi wote wazima wakasaini kuridhia, kila mmoja na picha na namba ya kitambulisho cha NIDA. Majirani wa mipaka wakasaini mipaka. Hela ikapita benki, siyo mkononi, ili siku yoyote nikiulizwa nimlipe nani na lini, karatasi ijibu.

Binti wa Maneromango alikuja siku hiyo. Alisaini, halafu akaenda kusimama kidogo pale kwenye makaburi. Baadaye akaniambia, "Dada, wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza." Makaburi tuliyatoa nje ya mipaka yangu na njia ya kuyafikia ikaandikwa kwenye mkataba.

Gharama ya ziada kwangu ilikuwa wakili, nauli za Dar na Visiga, na miezi mitatu ya kusubiri. Kwa kiwanja cha milioni 8, bado naona nililipa kidogo. Wewe uliye na hela tayari wiki hii, chukua karatasi, chora mti wa familia unayonunua kwao. Ukishindwa kuujaza, bado hujafikia siku ya kulipa.